Hongera Zilizotangulia Cheo

Ile kazi niliitaka, na sikujificha. Kwenye shirika letu, mtu aliyetaka kupanda cheo alitakiwa ajifanye hana habari. Anakaa kimya, anawasalimia wakubwa kwa adabu, anasubiri asemewe na mtu. Akishapewa anashika kifua mbele za watu, "Mimi? Jamani!", na huku habari amekuwa nayo wiki nzima. Mimi sikuumbwa hivyo. Nikitaka kitu uso wangu husema kabla ya mdomo, na mama yangu amenigombeza kwa hilo tangu nikiwa mdogo.

Shirika letu linafundisha wakulima na wafugaji. Makao makuu yako Dar es Salaam, ofisi ya mkoa iko Musoma, Bunda kuna timu ya pamba, na sisi wa Butiama tulishika muhogo, ng'ombe wa maziwa na vikundi vya kuweka akiba. Nilikuwa nimekaa Butiama miaka sita. Kila mfanyakazi mpya aliyeajiriwa mkoani alipitishwa kwangu kwanza, nikamfundisha namna ya kuingia kwenye kikao cha wakulima bila kuwachosha, namna ya kumsikiliza mzee anayezungumza kwa mzunguko, na namna ya kuendesha pikipiki kwenye udongo mweusi wa Bugwema mvua ikinyesha. Baadhi ya hao niliowafundisha walikuwa wameshanipita cheo.

Binti yangu alikuwa anaishi Kigera, Musoma, kwa mama yangu. Nilimpeleka huko akiwa ndio kwanza anaanza kutembea, kwa sababu kazi ya vijijini haina saa, na vikundi vyetu vingi vilikutana Jumamosi. Mume sikuwa naye, na sitapoteza karatasi kumweleza. Mtoto alikua, akaanza shule, akawa ananiita "mama wa Butiama". Alikuwa akisema kwa upendo kabisa, na kila mara nilicheka, halafu nikienda kunawa uso nilikuta nimeumia.

Kwa hiyo siku barua pepe ilipokuja kwamba kunaanzishwa nafasi ya Mratibu wa Mafunzo, ngazi ya mkoa, kituo cha kazi Musoma, niliisoma nikiwa nimesimama. Nafasi ilitangazwa kwanza kwa watu wa ndani. Mwombaji alitakiwa kutuma maombi ya ukurasa mmoja pamoja na kiungo cha wasifu wake kwenye ule mtandao wa kikazi, ule ambao watu huweka picha wakiwa wamevaa suti na kueleza walichofanya maishani. Sababu walitoa wazi: watakaochuja majina wako Dar, hawatujui kwa sura wala kwa kazi, na wasifu ulikuwa njia yao ya kutuona.

Nilikuwa nao wasifu. Niliufungua zamani kwenye semina moja, nikaweka jina na picha ya kitambulisho niliyopiga nimekasirika, nikausahau. Nilipoufungua tena niliona aibu. Chini ya jina iliandikwa "Mfanyakazi".

Nikaanza kazi. Picha niliyoipiga upya sikuvaa suti, maana suti sina. Nilivaa buti za mpira, niko kwenye kituo cha kukusanyia maziwa na kipima maziwa mkononi, nacheka na mama mmoja mfugaji aliyekubali tuonekane wote. Mstari wa juu nikaandika kwamba nafundisha wanaofundisha wakulima. Halafu nikaeleza vikundi nilivyoanzisha, vilivyokufa na kwa nini vilikufa, na majosho tuliyofufua. Sikuongeza chumvi, na sikupunguza hata punje.

Kuna ile pete ya kijani inayozunguka picha kuonyesha kwamba mtu anatafuta kazi. Hiyo sikuiweka. Ukiivaa, bosi wako anadhani unalihama shirika. Ipo pia njia ya siri, ambayo wanaoiona ni waajiri tu, lakini mtandao hujitahidi kuwaficha waajiri wa shirika lako mwenyewe wasikuone. Ingenifaa nini, wakati hao ndio niliowataka wanione?

Ofisini kwetu Butiama tulikuwa wanne. Mhasibu wetu, mama mmoja mcheshi aliyejua habari za mkoa mzima, ndiye aliyegundua kwanza.

"Dada, naona umejipamba huko mtandaoni," aliniambia akiwa anamimina chai. "Watu wanasema unagombea ubunge."

"Naomba kazi ya Musoma."

Aliweka kikombe chini. "Na unasema hivihivi? Kwa sauti?"

"Nisemeje sasa?"

"Mi nilikuwaga naficha hata nikiomba likizo," alisema, akacheka mpaka chai ikamwagika.

Mtandao ule una sehemu inayokuonyesha nani amekuja kukuchungulia. Mtu anaweza kujificha kabisa, au akajificha nusu, jina lisionekane bali kazi na mahali tu. Wenzangu wengi walichagua kujificha nusu. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Nikafungua nikakuta "Dereva, Musoma" ameniangalia. Shirika lilikuwa na dereva mmoja Musoma. Nikakuta "Ofisa wa pamba, Bunda", na Bunda maofisa wa pamba walikuwa wawili, mmoja wao yuko likizo ya uzazi na mtoto mchanga. Aliyebaki alikuwa yule niliyejua tangu mwanzo kwamba ndiye mpinzani wangu wa kweli. Alikuwa amenifungua mara tatu katika wiki moja. Sikuchukia hata kidogo. Nilimheshimu yule bwana, na kuchunguzwa na mtu unayemheshimu kunanyoosha mgongo.

Basi nikawa nimebakiza kitu kimoja, ile kazi ya kuwafundisha wapya. Haikuwa na barua ya uteuzi, lakini kwenye ratiba zote za ofisi niliandikwa mratibu wa mafunzo ya wafanyakazi wapya, na meneja wa mkoa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiziidhinisha. Nikaiongeza kwenye wasifu kama kazi ninayoendelea nayo. Simu ikataka mwezi wa kuanza. Sikukumbuka ilikuwa lini hasa, nikaweka mwezi tuliokuwa nao ili niende hatua inayofuata, nikisema nitarekebisha nikifika ofisini kwenye ratiba za zamani. Chini kulikuwa na kitufe cha kuwajulisha watu, nacho kilikuwa kimewashwa. Nikabonyeza hifadhi, nikapanda pikipiki kwenda kwenye kikundi changu. Huko niendako mtandao hakuna.

Niliporudi kwenye mtandao jioni ya saa kumi simu ilitetemeka mfululizo mpaka nikasimama pembeni ya barabara. Hongera. Hongera sana dada. Hongera, Mungu ni mwema. Umestahili. Mtandao ulikuwa umewatangazia watu wote kwamba nimeanza nafasi mpya, na kwa kuwa kioo cha simu ni kidogo, cheo kilikatwa katikati. Watu waliona "Mratibu wa mafunzo ya…" na nukta tatu. Hawakuhitaji kusoma zaidi.

Kwingine pengine mtu angejiuliza, mbona usaili haujafanyika? Kwetu hakuna aliyejiuliza. Kwetu watu wanaamini kwamba kila nafasi inapotangazwa ina mwenyewe tayari, na tangazo ni la kutimiza utaratibu tu. Kwa hiyo ile taarifa haikumshangaza mtu. Iliwathibitishia walichokuwa wakikijua siku zote.

Nikaingia kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wa mkoa. Nikaandika: "Jamani, sijapewa nafasi yoyote. Nimeongeza kazi yangu ya zamani kwenye wasifu, tarehe ikakosewa."

Dereva wa Musoma akajibu, "Tumekuelewa dada, siri yako tunayo."

Mwingine akaweka kidole mdomoni. Mwingine akauliza mbuzi atachinjwa Butiama au Musoma. Nilivyozidi kukataa ndivyo walivyozidi kuamini. Nikaandika kwa herufi kubwa. Wakacheka. Nilikuwa na hasira ambayo hata pikipiki iliisikia, nikaipiga teke haina kosa.

Meneja wa mkoa alipiga simu kesho yake asubuhi. Ni mtu mzima, mpole, na upole wake unapoisha huwa anaanza kuongea taratibu zaidi.

"Mama, nani amekuteua?"

"Hakuna, mkuu. Ni ile kazi ya wapya. Nimesharekebisha tarehe na jina lote linasomeka."

"Mimi nimepigiwa simu na watu wawili kuulizwa kama nimegawa nafasi mfukoni."

"Wapigie uwaambie hukugawa."

Nilijua nimejibu kama mimi. Halafu akasema, "Umerekebisha, sawa. Usaili uko palepale. Lakini hilo neno limeshatembea."

Na kweli lilikuwa limetembea kuliko nilivyodhani. Dirisha la maombi lilipokaribia kufungwa, ofisa rasilimaliwatu alinipigia kutoka Dar. Alikuwa mwanamke mwenye sauti kavu, hana utani. Akaniambia wamepokea ombi moja tu kutoka mkoa mzima, nalo ni langu. Utaratibu wa shirika hauruhusu nafasi ya ndani kushindaniwa na mtu mmoja. Wasipopatikana wawili hadi Ijumaa, nafasi itatangazwa magazetini, na watu wa nje watapewa nafasi sawa.

"Nakueleza kwa kuwa una haki ya kujua," alisema. "Sina la kukushauri."

Nikakaa kwenye ngazi ya ofisi. Nilijua watu wa nje maana yake nini. Wangekuja na shahada mbili na wasifu uliopambwa na watu wanaolipwa kuupamba. Labda ningewashinda, mimi huwa sikati tamaa mapema. Lakini ningekuwa nimejitengenezea mlima kwa kitufe. Na Kigera ingebaki mbali na mimi mwaka mwingine, au miaka.

Mhasibu alikuja akakaa karibu nami bila kuuliza. Nikamweleza.

"Sasa?"

"Sasa nakwenda Bunda."

"Kufanya nini?"

"Kumwambia yule bwana wa pamba aombe."

Alinigeukia. "Dada, wewe umerogwa. Huyo akiomba anakuchukua."

"Anaweza."

"Si umtafute mwingine? Yule kijana wetu wa vikundi vya akiba, aombe tu, mradi muwe wawili. Akusindikize."

Wazo hilo lilikuwa zuri kwa mtu mwenye akili ya mhasibu. Ningeweza kumpata mtu wa kunisindikiza saa ileile. Lakini niliona wazi jinsi mambo yatakavyokuwa: nitaipata, na kila nitakapoingia kwenye kikao Bunda au Musoma watu watakuwa wanajua kwamba nilipewa kabla sijapewa. Mratibu asiyeaminika anafundisha nini? Niliitaka ile kazi nzima, na heshima yake ikiwemo.

Nikaomba ruhusa ya siku moja, nikapita Makutano na Kiabakari nikashuka Bunda kabla jua halijawa kali. Ofisini kwao waliniambia yuko shambani na kikundi, nyuma ya ghala la chama cha msingi. Nikamkuta.

Pamba ilikuwa imeota, wako kwenye kupunguza miche. Yule bwana alikuwa amesimama kwenye mstari wakulima wamemzunguka, naye anang'oa miche mizima na kuacha dhaifu, kwa utulivu kabisa, huku akieleza habari nyingine ya bei. Mama mmoja alimpiga kofi mkononi. "We, unaua pamba!" Akajifanya ameshtuka. "Kwani inabakiga ipi?" Yule mama akainama akamwonyesha, kwa sauti ya juu, na wengine wakamsaidia, na ndani ya muda mfupi kikundi kizima kilikuwa kinamfundisha yeye. Hakuwarekebisha hata mara moja. Aliuliza maswali tu mpaka wakajirekebisha wenyewe. Nimefundisha miaka yote hii na nilisimama pale najifunza, na wivu ukinichoma kidogo.

Walipotawanyika alinikaribia akijifuta mikono.

"Mratibu," alisema. "Karibu Bunda."

"Usiniite hivyo. Sijapewa chochote."

"Aah, dada. Sisi tunajuaga."

"Hamjui. Kaka, twende tukae nikueleze, na unisikilize mpaka mwisho."

Tulikaa kwenye baraza la ghala, kwenye marobota ya magunia matupu, akaagiza soda. Nikamweleza yote, tarehe, kitufe, nukta tatu, simu ya Dar, Ijumaa. Nikamwonyesha wasifu wangu ulivyo sasa. Aliusoma polepole, ingawa sote tulijua hakuwa anausoma kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo unataka niombe ili muwe wawili," alisema.

"Nataka uombe."

"Nikusindikize."

"Sikusema hivyo."

"Dada, mimi mtu mzima. Nina miaka kumi kwenye hii pamba. Nikiomba nikakosa, kila mtu ataona. Watasema alienda kumsindikiza yule mama. Watoto wa ofisini watanichekaga mpaka nistaafu." Hakuwa na hasira. Alikuwa amekwisha kuwaza jambo hilo na kulimaliza.

Hapo mimi ndiye niliyepata hasira. "Unaogopa kuonekana ukikosa? Mimi si nimeonekana nikipongezwa kwa kitu ambacho sina? Mkoa mzima unanisubiri nianguke. Sikukuita unisindikize. Njoo unishinde, kama unaweza. Na mimi nakuambia hapahapa, huwezi."

Wakulima wawili waliokuwa wamebaki wakageuka kututazama. Yeye akacheka, cheko la kutoka tumboni, akanywa soda yake.

"Wasifu wangu ni mtupu," alisema mwishowe. "Una jina tu. Hao wa Dar wataona nini?"

"Jaza."

"Mimi siwezi kujisifia. Nikianza kuandika naona haya. Wewe unaweza." Akaweka chupa chini. "Basi niandikie wewe. Ule mtandao si unaruhusu mwenzako akuandikie pendekezo, likakaa pale kwa jina lake? Niandikie. Kila mtu aone wewe ndiye uliyeandika. Hapo nitaamini hujaja kunitumia, na wao wataamini."

Sikutegemea hilo. Nilimwangalia nione kama anatania. Hakutania. Na uchungu wa ombi lile ni kwamba lilikuwa la haki.

Nikatoa simu. Ningeweza kuandika maneno ya kawaida, mchapakazi, mwaminifu, anashirikiana vizuri na wenzake, maneno ambayo hayamsaidii mtu. Lakini nilikuwa nimetoka kumwona kwenye ule mstari wa pamba. Niliandika nilichokiona. Niliandika kuhusu miche aliyoing'oa makusudi na yule mama aliyempiga kofi, na kwamba katika miaka yangu yote sijaona mtu anayefundisha shambani kumzidi yeye. Nikasoma tena. Ilikuwa kweli. Nikatuma kabla mkono haujasita.

Simu yake ikalia. Pendekezo haliwekwi kwenye wasifu mpaka mwenyewe akubali, kwa hiyo nilisubiri huku anasoma. Alisoma, akageukia upande wa ghala kidogo, akabonyeza kukubali.

"Umeandika kuzidi," alisema.

"Nimeandika nilichoona. Leo jaza mengine utume."

Alituma Alhamisi. Kufika hapo mkoa mzima ulikuwa umesoma pendekezo, na kundi la WhatsApp lilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu nijiunge. Mhasibu alinipokea mlangoni. "Sasa umejichimbia kaburi na udongo umejimwagia mwenyewe," alisema. Lakini dereva wa Musoma alinitumia ujumbe peke yangu: "Dada, kumbe ilikuwa kweli hujapewa." Niliucheka, na nikashukuru.

Usaili ulifanyika Musoma, kwenye ofisi ya mkoa, ziwa linaonekana dirishani. Walikuwa watatu: meneja wa mkoa, yule mama wa rasilimaliwatu kutoka Dar, na mkuu wa miradi. Yule bwana wa Bunda alitangulia kuingia. Alipotoka alinipa mkono, wa jasho, akasema tu, "Wanauliza vizuri."

Mimi sikuogopa. Walinihoji kuhusu bajeti ya mafunzo, nikajibu. Walinihoji kuhusu vikundi vilivyokufa, nikajibu, na mkuu wa miradi akasema ni mara ya kwanza kuona mtu ameandika alichoshindwa kwenye wasifu. Nilianza kujisikia niko nyumbani. Halafu yule mama wa Dar akaisogeza simu yake mezani, nikaona maneno yangu mwenyewe.

"Hapa umeandika hadharani kwamba hujaona mtu anayefundisha shambani kumzidi mwenzako," alisema kwa ile sauti kavu. "Yeye ameomba nafasi hii. Hii ni nafasi ya mafunzo. Kwa nini tukupe wewe?"

Meneja wa mkoa aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake. Nadhani alinionea huruma.

"Niliandika kweli na sitaifuta," nikasema. "Kwenye mstari wa pamba ananizidi. Ukitupa mimi na yeye kikundi kimojakimoja cha wakulima, chake kitafanya vizuri kuliko changu. Lakini hii kazi haikai kwenye mstari wa pamba. Mratibu anatakiwa awajue wote wanaofundisha, aone nani anajua nini, amtoe pale alipojificha, awapeleke wengine wakajifunze kwake. Yeye amekaa Bunda miaka kumi na ufundi wake, na wasifu wake ulikuwa mtupu. Nyinyi Dar hamkumjua. Mimi nilikwenda kumtazama nusu siku, na sasa mnamjua. Hiyo ndiyo kazi mnayoitangaza. Nilishaanza kuifanya."

Hakuna aliyetabasamu. Yule mama aliandika kitu kirefu. Mkuu wa miradi aliuliza, "Ukipata, utamfanyia nini?"

"Wapya wote wataanza Bunda kwake, si Butiama kwangu. Na kama hatapata cheo kwa kazi hiyo nitawasumbua mpaka apate."

"Hilo tunaliamini," alisema meneja wa mkoa, na hapo ndipo walipocheka.

Barua pepe ilikuja wiki iliyofuata. Nilikuwa kwenye zizi la mfugaji mmoja, kwenye samadi mpaka kifundoni, nikasoma mstari wa kwanza na nikapiga yowe ng'ombe akarudi nyuma. Kazi ni yangu. Yule bwana wa Bunda alipiga simu kabla sijampigia.

"Dada, umenishinda."

"Nimekushinda."

"Lakini umenishinda kweli. Sikusindikiza mtu." Alisema kwa kuridhika kabisa, kama mtu aliyelipwa. Wapya sasa wanaanza kwake, na cheo chake bado nakidai, barua kwa barua. Nitakipata.

Kwenye kundi la WhatsApp meneja aliweka tangazo rasmi. Nikakaa kusubiri hongera. Zilikuja chache, za kivivu. Nikauliza kulikoni. "Si tulishakupongeza?" akaandika dereva. "Tupongeze mara mbili kwa kazi moja?" Mhasibu ndiye peke yake aliyepiga simu, akalia, akanitukana kidogo, akauliza ile meza yangu ataachiwa nani.

Nilihamia Musoma mwisho wa mwezi. Nilifika Kigera mchana na godoro na ndoo zangu, mama yangu akiwa jikoni anapika ugali wa muhogo na sato. Binti yangu alikuwa ametoka shule, bado ana sare. Alinisaidia kuingiza ndoo moja, akaiweka katikati ya chumba, akazunguka vitu vyote akivitazama.

"Mbona umekuja na vitu vingi? Jumatatu utavibebaje kurudi?"

"Sirudi," nikamwambia. "Nimehamishiwa hapa Musoma. Nitakaa hapa na nyie."

Nilisema kwa sauti ileile niliyoitumia kwenye usaili, nikiwa na uhakika wote. Alikwenda mpaka mlango wa jikoni akashika upindo wa kitenge cha mama yangu.

"Bibi, eti ni kweli?"

Mama yangu alinitazama kwanza, mwiko mkononi. Halafu akamtazama mtoto.

"Ni kweli," alisema. "Huyu ni wa kukaa."

Ndipo mtoto akanijia.